Choo cha mtoto na kisima cha jirani: nilivyokaguliwa kabla ya kufungua skuli ya maandalizi

Siku maafisa walipokuja kukagua nyumba niliyotaka kuifanya skuli ya maandalizi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, nilikuwa nimeshafagia mara tatu tangu alfajiri. Kuta nimezipaka rangi ya manjano, nimechora ngalawa, samaki na herufi zote kubwa na ndogo. Ukumbini nimetandika jamvi jipya, na madafu manne yako tayari kwenye sinia. Wakaja watatu: mmoja wa elimu, mmoja wa afya, mmoja wa ustawi wa jamii. Tukasalimiana, wakavua viatu, wakapita. Zile picha hazikutazamwa hata kidogo. Bi mkubwa wa afya aligeuka akaniuliza, "Choo kiko wapi, Mwalimu?"

Nilimpeleka uwani kwa furaha, kwa sababu choo ndicho kitu nilichokitilia pesa nyingi kuliko vyote. Vyumba viwili, vigae vyeupe sakafuni na ukutani, milango ya mbao mipya. Fundi alinihakikishia hakuna skuli ya jirani yenye choo kama kile, na alikuwa mkweli. Kumbe choo hicho hicho ndicho kilichonirudisha nyuma miezi mitatu.

Nieleze kwanza nilipotoka. Nimesomesha watoto wa maandalizi miaka minane katika skuli za watu. Kwa msomaji wa bara, maandalizi ndiyo hiyo mnayoiita elimu ya awali au chekechea. Kwetu, tangu Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006, maandalizi yamo ndani ya elimu ya lazima: ni miaka 2, mtoto anaanza akiwa na miaka 4, na akitimiza 6 anaingia darasa la kwanza. Shehia ninayokaa ina watoto wengi, na skuli iliyo karibu iko ng'ambo ya barabara kuu ya gari. Kina mama walikuwa wakiniambia kila siku, "Mwalimu, si ufungue yako?" Baba yangu aliniachia nyumba ya vyumba viwili, ukumbi na uwa mkubwa. Nikaandika barua ya maombi, nikachukua barua ya sheha inayothibitisha kuwa ananijua na kuwa nyumba ni yangu, nikaambatanisha mchoro wa jengo, vyeti vya walimu, mpango wa masomo na orodha ya vifaa, nikapeleka kunakohusika. Makaratasi yalipokubaliwa kwa hatua ya mwanzo, ndipo nikapangiwa siku ya ukaguzi.

Basi turudi chooni.

Bi mkubwa alisimama mlangoni akatazama bila ya kusema. Kisha akauliza kama nyumbani pana mtoto wa miaka minne. Alikuwepo mtoto wa dada yangu, anachezea mchanga pale pale. "Mwite. Asivue kitu, na nguo zake hizo hizo, asimame tu kama anavyosimama anapokwenda haja."

Mtoto akaingia. Tundu la choo lilikuwa na upana wa sentimita 28, la kiwandani, la mtu mzima. Sehemu za kukanyagia ziko mbali mbali, zimepangwa kwa miguu ya mtu mzima. Mtoto akaweka mguu mmoja upande wa kulia, akanyoosha wa pili, haukufika. Akarudi nyuma. Akajaribu kushika ukuta, kigae kikateleza mkononi kwa sababu hakina pa kushika. Mwisho akaweka miguu yote miwili upande mmoja, akachuchumaa pembeni ya tundu, akanitazama kama aliyekosea. Bi mkubwa akamwambia, "Ahsante mwanangu, hujakosea, nenda kacheze." Akanigeukia: "Huyu akiletwa hapa atafanya moja katika mawili. Atajisaidia pembeni, na msaidizi wako atakuwa akifagia kinyesi kutwa, au ataogopa na kubana mpaka arudi kwao. Wanaobana ndio wanaojikojolea darasani saa nne, na wewe utadhani ni watoto wabaya."

Miaka minane nimewabadilisha watoto nguo walizojikojolea. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kuulizana na nafsi yangu wangapi katika wao walikuwa wanaogopa tundu tu.

Akaendelea. Akafunga mlango, akaufungua. Komeo lilikuwa ndani, juu, usawa wa bega langu. Mtoto asiyelifikia hawezi kujifungia, hilo ni jema, lakini yule wa miaka mitano anayelirukia atajifungia na hatoweza kujifungua. Tena mlango wangu ulifunguka kwa ndani: mtoto akianguka akaulalia, mtu wa nje hawezi kuusukuma. Akataka mlango ufunguke kwa nje, usiwe na komeo la ndani, na uwe umekatwa chini na juu, ili mwalimu aliyesimama nje aione miguu ya mtoto na kichwa cha mtu mzima yeyote atakayeingia naye. Hili la mwisho alilieleza yule kijana wa ustawi wa jamii, kwa upole lakini bila ya kuzungusha maneno: mahali ambapo mtu mzima na mtoto wanaweza kuwa peke yao bila ya kuonekana, skuli ihesabu kuwa ni mahali pa hatari, hata kama walimu wote ni watu wa nyumba moja. Nilitaka kusema sisi hapa tunajuana. Nikanyamaza, kwa sababu nakumbuka kesi zilizowahi kutokea mahali walipojuana vile vile.

Mfereji wa kunawia mikono ulikuwa kwenye ukuta, karibu mita moja kutoka chini. Alichukua kikombe akakiweka chini ya mfereji, kisha akamtazama yule mtoto mchangani. Halikuhitaji maelezo. Mtoto wa miaka minne akinyanyua mikono juu ya kifua chake, maji yanateremka mpaka kwenye viwiko na nguo, na mara ya pili hatonawa. Akaniambia niushushe mpaka sentimita 50 hivi na niweke sabuni iliyofungwa ndani ya soksi ya wavu, ining'inie, isianguke mchangani.

Hayo yote yanarekebishika kwa wiki moja. Zito lilikuwa nyuma ya choo. Bi mkubwa alizunguka akaliona karo, yaani shimo la choo, kisha akatazama upande wa pili wa ua wa mabati. Kulikuwa na kisima cha jirani, wanachotumia nyumba tano. Akaomba tepu. Mita 11. Na mteremko wa ardhi unatoka kwetu kwenda kwao. Akachuchumaa, akachora mchangani kwa kijiti: hapa karo, hapa kisima, maji ya mvua yakiingia ardhini yanakwenda huku. Kipimo wanachokitumia watu wa afya kwa kawaida ni mita 30 baina ya shimo la choo na kisima, na shimo liwe upande wa chini, si wa juu. "Mwalimu, siku za masika, watoto arubaini wakitumia choo hiki, jirani yako atakunywa nini?" Kisiwa chetu kimeshaona kipindupindu zaidi ya mara moja. Hapakuwa na la kubishana.

Fundi hakunidanganya alipochimba pale. Alichimba palipokuwa na nafasi na karibu na bomba. Kosa ni kuwa nilijenga kwanza, nikaomba kukaguliwa baadaye. Kumbe ningeweza kumwita afisa wa afya wa wilaya kabla ya jembe la kwanza kuingia ardhini, akanionyesha mahali, na wapo wanaofanya hivyo. Nikimpata mtu anayetaka kufungua skuli leo, namwambia aanzie hapo, kabla ya rangi na kabla ya madawati.

Tukarudi ndani. Afisa wa elimu alikuwa mzee mtaratibu, ana tepu yake mwenyewe ya chuma. Katika maombi niliandika watoto 60, thelathini kila chumba. Akapima chumba cha kwanza: mita 5.2 kwa 4. Hiyo ni mita za mraba karibu 21. Nikadhani basi. Akaanza kutoa. Kabati, meza yangu, sehemu ya mlango unapofungukia, na kona ya ndoo ya maji ya kunywa. Zikabaki mita 18. Akaomba yale makuti ya kukalia niliyowasukia watoto kwa mkono, akayatandaza moja moja, na kati ya mmoja na mwenzake akaacha nafasi ya mwalimu kupita bila ya kumkanyaga mtu vidole. Yakaenea 18, la kumi na tisa likafika mlangoni. "Chumba hiki ni cha watoto kumi na wanane, Mwalimu. Ukiwatia thelathini, utawakalisha tu. Hutoweza kuwachezesha, na mtoto wa maandalizi anasoma kwa kucheza." Cha pili, mita 6 kwa 4.5, kikatoka watoto 24. Jumla 42.

Nilihesabu kichwani palepale. Nilikuwa nimepanga ada ya shilingi 15,000 kwa mwezi. Watoto 60 ni 900,000. Watoto 42 ni 630,000. Zile 270,000 zilizopotea ndizo nilizokuwa nimezitenga kwa mshahara wa msaidizi na unga wa uji. Nasema wazi kwa sababu nimewaona wenzangu wakiandika idadi ndogo kwenye fomu ili wapite, kisha wanajaza vyumba baada ya mwezi. Mimi mwenyewe fikra hiyo ilinipitia usiku ule. Lakini nimesomesha chumba cha watoto hamsini, na najua hali yake: kazi yote inakuwa "kaa chini", "nyamaza", na mwisho wa mwaka anayejua kuhesabu ni yule aliyefundishwa na dada yake nyumbani.

Kwenye madirisha alipitisha ngumi yake kati ya nondo na nondo. Zilikuwa na nafasi ya sentimita 14. Kichwa cha mtoto mdogo kinaweza kunasa hapo, kwa sababu mwili hupita na kichwa kikabaki. Wanataka nafasi isizidi sentimita 10. Chini ya dirisha nilikuwa nimejenga kibaraza cha saruji cha kuwekea vitabu. Akakaa juu yake, akaonyesha kuwa mtoto akipanda hapo, kifua chake kinafika ukingo wa dirisha. Kibaraza kikaondolewa. Kwenye ukumbi mlango ulikuwa mmoja tu. Akauliza moto ukianzia jikoni, watoto watatoka wapi, na jiko langu lilikuwa pale pale pembeni ya mlango huo. Nikatakiwa kufungua mlango wa pili upande wa uwani na kulihamisha jiko nje, kwenye banda la peke yake.

Nje akatazama juu. Minazi miwili ilikuwa imeinamia mchangani, pale nilipofunga bembea ya kamba. Mimi nilizaliwa chini ya minazi hiyo na sijawahi kuifikiria. "Nazi kavu haingoji mkwezi," alisema. Uamuzi ukawa bembea ihamishwe, na minazi ianguliwe mapema kila msimu, nazi na makuti makavu, na niandike tarehe kila ikianguliwa.

Mwanzoni mwa kazi yangu, mwalimu aliyenifunza alikuwa amefunzwa katika programu ya elimu ya awali ya madrasa, ile iliyoanzia Mombasa kwa juhudi za Bi Swafiya Said na kufika Zanzibar mwaka 1990. Kwake nilijifunza kutengeneza vifaa kwa vitu vyetu wenyewe: vifuu vya nazi, makombe ya pwani, mbegu, vitambaa vya kanga zilizochakaa. Nilikuwa na vikapu sita vya vifaa hivyo na najivunia mpaka leo. Afisa wa ustawi alivishika kimoja kimoja akavisifu. Kisha akatoa mfukoni kigogo cha karatasi ya choo, kile cha kadibodi kinachobaki katikati karatasi ikisha. Akawa anatumbukiza: kombe dogo, likapita, mbegu ya mbuyu, ikapita, kizibo cha chupa, kikapita, kipande cha kifuu, hakikupita. "Kinachopita hapa kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu."

Hapo ndipo lilipofunguka jambo jengine. Katika maombi nilikuwa nimeandika kuwa nitapokea pia watoto wa miaka 2 na 3, kuwalea tu mchana wakati mama zao wako sokoni au msimu wa kuchuma karafuu. Nilidhani ni skuli hiyo hiyo, wadogo wakae chumba cha pembeni. Nikaelezwa kuwa ni milango miwili. Skuli ya maandalizi inasajiliwa na upande wa elimu. Kituo cha kulea watoto wadogo zaidi ni suala la ustawi wa jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, nacho kinatazamwa kwa jicho tofauti: mtu mzima mmoja anawabeba wadogo wachache zaidi, panatakiwa pa kulala, pa kubadilishia nepi mbali na chakula, na vifaa ambavyo havipiti kwenye kile kigogo. Ukichanganya wawili hawa kwenye ombi moja, faili linazunguka kati ya ofisi mbili na hakuna anayeweza kulifunga. Nikayafuta yale maneno ya miaka 2 na 3 siku ile ile, na uchungu wake niliujua usiku, kwa sababu kina mama wawili nilishawaahidi.

Kijana wa ustawi alibakisha suali moja. "Saa sita, wakati wa kuchukuliwa watoto, akija mtu akisema mimi ni ami yake fulani, utafanyaje?" Nikamjibu kuwa kina ami wote nawajua. "Na siku wewe uko Unguja?" Sikuwa na jibu. Akanionyesha daftari linavyotakiwa kuwa: jina la mtoto, majina ya watu wasiozidi watatu wenye ruhusa ya kumchukua, namba zao za simu, na sahihi ya mzazi. Asiyekuwemo humo hapewi mtoto, hata akiwa bibi yake mzaa mama, mpaka mzazi apigiwe simu. Daftari hilo liko mlangoni kwangu leo, limefungwa kwa kamba kwenye msumari.

Vyeti walivimalizia barazani, tukinywa yale madafu.

Mwenzangu tuliyekusudia kuanza naye ni mwalimu mzuri sana kwa watoto, ana sauti, ana hadithi, watoto wanamng'ang'ania. Alikuwa na cheti chenye muhuri na picha ya watoto pembeni. Mzee wa elimu alikisoma taratibu, akaweka kidole kwenye neno moja: "amehudhuria". Kozi ya wiki mbili. Akatueleza namna ya kutambua. Cheti cha kuhudhuria kinasema ulikuwepo. Hakina alama wala daraja. Cheti cha ualimu kinatoka chuo chenye usajili, kinataja daraja ulilofaulu na kina namba, na pamoja nacho unapewa karatasi ya matokeo ya masomo. Kwa vyuo vya kati, katika ngazi za elimu ya ufundi zinazoitwa NTA, ya 4 na 5 ni cheti, ya 6 ni diploma, na namba hiyo huandikwa kwenye karatasi yenyewe. Mwenzangu alilipa pesa nyingi kwa kozi ile, na waliomuuzia walimwambia ataweza kufungulia skuli. Alikaa kimya, machozi yakimlengalenga, na mzee akamwambia kwa heshima, "Bi mdogo, kazi yako si mbaya. Karatasi yako ndiyo haijafika." Ikakubaliwa awe msaidizi, asikabidhiwe darasa peke yake, na ajiunge na chuo. Mimi nikatafuta mwalimu mwengine mwenye sifa, na nikampata aliyestaafu skuli ya serikali.

Changu kilikuwa na sifa: kidato cha nne nimefaulu, na diploma ya ualimu wa maandalizi ninayo. Lakini cheti cha kidato cha nne, cha Baraza la Mitihani, kimeandikwa jina langu, la baba na la babu. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kimeandikwa jina langu, la baba na la ukoo. Diploma ikafuata kitambulisho. Kwa hiyo kwenye faili moja nilikuwa watu wawili. Wengi kwetu tuna hali hii, kwa sababu skulini tuliandikishwa na mjomba au jirani, kila mtu akataja jina alilolijua. Ikabidi niende kwa wakili nikaape hati ya kiapo inayotaja majina yote mawili kama yalivyoandikwa, herufi kwa herufi, na kusema kuwa ni ya mtu mmoja, ikaambatanishwa nakala za vyeti vyote. Hati ya kwanza ilirudi, kwa sababu karani aliandika jina la babu kwa "kh" na cheti kina "h" peke yake. Siku tisa ziliondoka kwenye herufi moja.

Mpishi wa uji naye alihitaji karatasi, ya hospitali: vipimo vya afya kwa mtu anayeshika chakula, pamoja na cha choo kikubwa. Hilo lilimaliza siku mbili.

Choo kipya nilikijenga upande wa pili wa uwa, upande wa chini wa mteremko, mita 34 kutoka kisima cha jirani. Safari hii niliita watu wa afya kabla ya kuchimba. Fundi alimimina vibao vya zege vyenye tundu la sentimita 14, akaweka vya kukanyagia karibu karibu, na sakafu akaikwaruza kwa ufagio ikiwa bado mbichi ili isiteleze. Ukutani, usawa wa kifua cha mtoto, nilitia kipande cha bomba cha kushikia. Vyumba vinne, viwili vya wavulana, viwili vya wasichana, na kimoja cha walimu mbali kidogo. Vile vigae vyeupe nilibandua vilivyokubali kubanduka, nikavitumia jikoni. Kwa gharama, niliuza ng'ombe mmoja na nikakopa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na bado nalipa.

Ukaguzi wa pili ulichukua chini ya saa moja. Bi mkubwa alikwenda moja kwa moja uwani na akaomba tena mtoto wa dada yangu. Mtoto akaingia, akashika bomba, akachuchumaa, kisha akatoka akakimbilia mfereji mwenyewe bila ya kuambiwa, akanawa, akafuta mikono kwenye kanzu yake. Bi mkubwa akaandika kitu kwenye karatasi yake. Mzee wa elimu alipima tena nondo kwa ngumi, akafungua mlango wa pili, akalitazama daftari la wachukuaji. Cheti cha usajili kilipotoka kilikuwa na idadi ile ile aliyoipata kwa makuti: watoto 42.

Siku ya kuandikisha, wa arubaini na mbili alifika kabla ya saa nne. Baada ya hapo walikuja kumi na moja wengine. Nimewaandika kwenye karatasi ya nyuma ya daftari, kila mmoja na tarehe aliyokuja na namba ya simu ya mama yake, na wawili wa mwanzo katika hao ni wale niliowaahidi kina mama zao, ambao sasa wanakaribia kutimiza miaka minne.